Jinsi ya kumwandikia mwenye nyumba barua moja yenye mambo matatu: paa linavuja, dipoziti yako na tarehe ya notisi (mwongozo kamili)

Mtu akiwa anataka kuhama, paa linavuja, na hajui dipoziti yake itarudi lini, mara nyingi anaandika meseji moja ndefu ya hasira usiku, kila kitu kimechanganyika humo humo, asubuhi mwenye nyumba anajibu kipande kimoja tu, kile kinachomfaa yeye, na vingine vinabaki hewani. Nimesoma meseji nyingi za hivyo za ndugu na marafiki wakiniomba niwasaidie kuandika upya, na karibu zote tatizo ni lile lile, malalamiko yamejaa ila ombi halionekani na tarehe haipo.

Haya mambo matatu yameshikana. Doa la maji kwenye silingi leo ndilo litakalokuja kukatwa kwenye dipoziti siku ya kukabidhi funguo kama hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba uliripoti, na tarehe ya notisi ndiyo inayoamua kodi yako inaishia wapi, maana yake ndiyo inayoamua dipoziti inaanza kudaiwa lini. Kwa hiyo barua inaweza kuwa moja, lakini kila jambo lisimame peke yake, na kichwa chake, ombi lake na tarehe yake.

Kabla hujaandika chochote, toa mkataba

Tafuta vitu vinne tu. Cha kwanza, muda wa notisi na umeandikwaje hasa, kuna tofauti kubwa kati ya "siku 30" na "mwezi mmoja kamili", nitaeleza chini. Cha pili, kama mkataba wako una muda maalumu (mfano mwaka mmoja) na bado haujaisha, angalia kama kuna kipengele kinachokuruhusu kutoka mapema, sababu kama hakipo notisi peke yake inaweza isikutoe na ukadaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Cha tatu, dipoziti ni kiasi gani, ni ya nini, na inarudishwa baada ya siku ngapi. Cha nne, notisi inapelekwa kwa nani na kwa njia gani, maana mikataba mingine inasema lazima iwe kwa maandishi, na mingine inataja anwani au meneja wa nyumba. Ukimpa dalali aliyekutafutia nyumba wakati mkataba unasema apewe mwenye nyumba, mtu anaweza kukwambia hajapokea kitu.

Kama mkataba hausemi, au hamkuandikishana, basi sheria ya upangaji ya mahali ulipo ndiyo inayojaza pengo, kaulize kwenye ofisi au baraza linaloshughulikia kesi za wapangaji kabla hujaandika tarehe. Na pale ambapo sheria inampa mpangaji haki zaidi ya mkataba, mara nyingi sheria ndiyo inayoshika, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya mstari mmoja mkali kwenye mkataba.

Paa: kusanya ushahidi kabla doa halijakauka

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Mwenye nyumba akisoma "paa linavuja sana" hana cha kufanya na hayo maneno, hajui ni chumba gani, hajui ni mvua ya upepo au ya kawaida, na fundi akija siku ya jua atapanda, ataangalia, atasema mbona pako sawa.

Kwanza hakikisha ni paa kweli. Kama panalowa wakati wa mvua au muda mfupi baada yake, na pakikaa siku kadhaa bila mvua panakauka, hilo ni paa au mfereji wa paa. Kama panalowa hata kukiwa na jua wiki nzima, shuku bomba au tanki la juu. Kama ni unyevu unaotoka chini ya ukuta kupanda juu, au matone madogo madogo yaliyosambaa kwenye silingi nzima asubuhi za baridi, hiyo ni kesi nyingine. Na ujue maji yakiingia kwenye tundu la msumari yanatembea juu ya mbao mpaka yapate pa kudondokea, kwa hiyo doa lako linaweza kuwa mbali kabisa na tundu lenyewe, ndo maana usiandike kwenye barua "bati la tatu limetoboka" kama hujapanda kuliona. Andika ulichokiona ndani, chanzo muachie fundi.

Piga picha tatu za kila sehemu: moja ya mbali inayoonyesha chumba kizima ili ijulikane ni wapi, moja ya karibu ya doa, na moja ya kilichoharibika chini yake. Kubandika kipande cha karatasi chenye tarehe pembeni ya doa kabla ya kupiga picha kunasaidia sana, sababu mvua inayofuata utabandika kingine na kila mtu ataona doa limekua kutoka saizi ya sahani mpaka saizi ya beseni. Video fupi ya maji yakidondoka, na sauti ya mvua inasikika nyuma, ina nguvu kuliko aya tatu za maelezo. Usizifute kwenye simu hata ukishazituma.

Kisha andika historia fupi: lilianza lini, ulimwambia nani, kwa njia gani, alijibu nini. Kama ulipiga simu tu, tarehe ya simu bado iko kwenye kumbukumbu za simu yako, piga skrinshoti kabla haijafutika.

La usalama: maji yakifika kwenye taa, soketi au waya, zima umeme wa sehemu hiyo kwenye swichi kubwa na usiguse, halafu hilo usisubiri barua, piga simu sasa hivi na useme wazi maji yamefika kwenye umeme. Silingi ikianza kubonyea katikati kama tumbo ujue imebeba maji, toa watu na vitu chini yake. Na wewe mwenyewe una wajibu wa kupunguza hasara, weka ndoo, sogeza godoro, sababu ukiacha kitu kilowe makusudi halafu udai fidia utaulizwa kwa nini hukukisogeza.

Kwa nini nasisitiza kuripoti mapema hata kama unahama? Sababu silingi iliyolowa mara moja mara nyingi inaokolewa kwa rangi, iliyolowa msimu mzima inaoza na kubadilishwa, na mwenye nyumba anaweza kusema ungeniambia mapema ningeziba kwa gharama ndogo, kwa hiyo tofauti ilipe wewe. Ukiwa na barua yenye tarehe, hoja hiyo haina miguu.

Notisi: hesabu tarehe kwa mkono

Kosa linalouma mfuko ni la kuhesabu kuanzia siku uliyoandika. Kwa kawaida notisi inahesabiwa kuanzia inapomfikia mwenye nyumba, na siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi.

Tuchukue mfano. Mpangaji analipa kodi kila tarehe 1, na barua imepokelewa tarehe 3 Juni. Mkataba ukisema siku 30, siku ya kwanza ni tarehe 4 Juni, na siku ya 30 ni tarehe 3 Julai. Lakini mkataba ukisema mwezi mmoja kamili unaoishia mwisho wa kipindi cha kodi, Juni imeshaanza haihesabiki, mwezi kamili ni Julai, na notisi inaisha tarehe 31 Julai. Barua ile ile, siku ile ile, ila tofauti ni wiki nne za kodi! Na kama barua ingepokelewa tarehe 31 Mei, hata huyu wa mwezi kamili angetoka tarehe 30 Juni. Kwa hiyo ukiwa karibu na mwisho wa mwezi usilaze barua mezani hata siku moja.

Ukishapata tarehe, iandike yenyewe. Usiandike "baada ya mwezi mmoja", andika "tarehe 31 Julai itakuwa siku yangu ya mwisho". Na usiiwekee masharti. "Nafikiria kuhama" si notisi. "Paa lisipotengenezwa nitahama" pia si notisi, hilo ni onyo, na mwenye nyumba akikaa kimya unaweza kujikuta mwezi unaofuata bado unadaiwa maana hujawahi kutoa notisi.

Upande wa pili, ukishatoa notisi halali huwezi kuirudisha peke yako bila yeye kukubali, anaweza akawa ameshampangisha mtu mwingine. Kwa hiyo kama lengo lako ni paa litengenezwe na wala hutaki kuhama, toa kabisa kipengele cha notisi, andika la paa tu. Notisi haifai kutumika kumtishia mtu.

Dipoziti: uliza maswali, usianze na shutuma

Bado hajakunyima chochote, kwa hiyo usiandike kama ameshakula hela yako. Kwenye barua hii unataka akubali kwa maandishi mambo manne: kiasi anachokishikilia, siku ya kukagua nyumba pamoja, kwamba akikata kitu atakuandikia orodha na risiti, na tarehe ya kurudisha. La kiasi watu wanaliruka sana, halafu mwisho mmoja anasema ilikuwa kodi ya miezi 2 mwingine anasema mwezi 1, hasa kama mwenye nyumba amebadilika katikati au nyumba ilirithiwa. Tafuta risiti au meseji ya muamala, andika kiasi na tarehe uliyolipa.

Kwa kawaida dipoziti inakatwa kwa kodi ambayo haijalipwa, bili ulizoacha, na uharibifu ulioufanya wewe. Uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia au kitasa kulegea kwa kutumika, si uharibifu. Na doa la mvua kutoka kwenye paa si lako, ndo maana kwenye kipengele cha dipoziti unaandika sentensi moja tu inayorudi kwenye kipengele cha paa. Sentensi hiyo ndiyo inayolinda hela yako.

Wengi wanauliza kuhusu kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho ili dipoziti ijilipe yenyewe. Mimi siishauri, labda mwenye nyumba akubali kwa maandishi, sababu bila hivyo unakuwa mdaiwa na unampa sababu ya halali ya kukata. Na kuzuia kodi kwa sababu ya paa ni hatari zaidi, sehemu nyingi inaweza kukutoa kwenye nyumba hata kama paa linavuja kweli. Endelea kulipa na utunze risiti.

Barua yenyewe

Huyu mpangaji wetu wa mfano anaishi kwa mama mwenye nyumba aliyemzidi umri, kwa hiyo heshima iko juu, ila maombi hayajalegezwa. Ukurasa mmoja mpaka mmoja na nusu unatosha. Weka jina na anwani kwenye nafasi zake.

Tarehe 3 Juni

Kwa: Mama mwenye nyumba
Kutoka: Mpangaji, nyumba namba ......

YAH: KUVUJA KWA PAA, DIPOZITI, NA NOTISI YA KUHAMA TAREHE 31 JULAI

Shikamoo Mama. Natumaini hujambo na familia haijambo. Nakuandikia kuhusu mambo matatu, na ninaomba jibu la kila moja.

1. Paa linavuja

Tangu mvua ya tarehe 12 Mei maji yanaingia chumba cha kulala cha nyuma, kwenye kona ya upande wa dirisha. Nilikujulisha kwa simu tarehe 13 Mei. Mvua ya tarehe 26 Mei maji yaliongezeka, doa kwenye silingi limekua na rangi ya ukuta imeanza kubanduka. Nimeweka ndoo na kuhamisha kitanda. Maji hayajafika kwenye taa wala soketi. Picha 6 na video 1 nimezituma kwenye simu yako leo.

Naomba fundi aje kuangalia kabla ya tarehe 6 Juni na kuziba kwa muda kama mvua ikiendelea, na matengenezo kamili yawe yamekamilika kufikia tarehe 17 Juni. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa 11 jioni, na Jumamosi kutwa. Siku nyingine nikijulishwa siku moja kabla nitapanga mtu wa kumfungulia.

2. Notisi ya kuhama

Kwa barua hii natoa notisi ya mwezi mmoja kamili kama mkataba wetu unavyosema. Siku yangu ya mwisho kwenye nyumba ni tarehe 31 Julai, na nitakabidhi funguo siku hiyo. Kodi ya Juni nimeshalipa, na ya Julai nitalipa tarehe 1 kama kawaida. Kama kwa hesabu yako notisi inaisha tarehe nyingine, naomba unijulishe kwa maandishi kufikia tarehe 10 Juni.

3. Dipoziti

Nilipoingia nililipa dipoziti ya kodi ya miezi 2, na risiti ninayo. Naomba uthibitishe kiasi hicho. Naomba pia tukague nyumba pamoja tarehe 24 Julai, ili kama kuna kitu cha kurekebisha upande wangu nikirekebishe kabla sijatoka, na tukague mara ya mwisho tarehe 31 Julai. Kama kutakuwa na makato, naomba orodha yake na risiti. Madoa na rangi iliyobanduka vilivyotajwa kwenye kipengele cha 1 vimetokana na paa, hivyo visiingizwe kwenye makato. Naomba salio lirudishwe kufikia tarehe 14 Agosti.

Nashukuru kwa muda wote niliokaa hapa kwa amani.

Sahihi: ............

Imepokelewa na: ............ Tarehe: ............

Angalia vitu viwili hapo. Kipengele cha notisi hakitaji paa kabisa, makusudi, ili asije mtu akasema ulihama kwa masharti ya paa na paa likatengenezwa basi notisi imekufa. Na ile sentensi ya "kama kwa hesabu yako notisi inaisha tarehe nyingine" inamlazimisha atoe pingamizi mapema badala ya kuja kulitoa siku ya funguo. Tarehe ya 14 Agosti ni siku 14 baada ya kutoka, kama mkataba au sheria ya kwenu inataja idadi nyingine tumia hiyo.

Kama kuna godoro au kompyuta imeharibika kwa maji, usiichomeke kwenye dipoziti. Hilo ni dai lako wewe kwake, liandikie barua yake na picha na bei ya ulivyonunua, ukilichanganya humu atajibu hilo tu mtabishana wiki tatu.

Kuifikisha

Chapa au andika nakala mbili. Peleka kwa mkono, asaini na kuweka tarehe ya kupokea kwenye nakala yako, ndo maana mstari wa mwisho upo. Halafu siku hiyo hiyo piga picha kurasa zote, zisomeke, tuma kwenye watsapu au barua pepe mnayotumia siku zote na uandike "Shikamoo Mama, barua niliyokuletea leo ndiyo hii." Akikataa kusaini usigombane, nenda na mtu mzima mmoja kama shahidi, muachie barua, kwenye nakala yako andika tarehe, saa, na jina la shahidi, naye asaini. Kama yuko mbali tumia posta au kampuni ya vifurushi inayotoa risiti ya kupokelewa, na ongeza siku za njiani kwenye hesabu ya notisi.

Akikupigia simu kujibu, ongea naye vizuri, kisha ukikata tu tuma meseji: "Asante Mama, kama tulivyoongea sasa hivi, fundi atakuja Alhamisi na tarehe 31 Julai umeikubali." Akikaa kimya bila kupinga, una kumbukumbu.

Majibu utakayokutana nayo

"Wewe si unahama, paa la nini tena?" Jibu kwa upole kwamba mpaka tarehe 31 Julai unalipa kodi kamili, na kwamba doa likiendelea kukua hutakubali lihesabiwe kwenye dipoziti. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba anabaki na wajibu wa paa muda wote wa notisi.

"Dipoziti utapata nikipata mpangaji mwingine." Hili linasemwa sana. Muombe akuonyeshe kwenye mkataba palipoandikwa hivyo, na kama hapapo rudia tarehe uliyoiomba, kwa meseji, bila kuongeza maneno.

"Silingi uliharibu wewe." Tuma tena picha zenye karatasi za tarehe pamoja na barua iliyosainiwa. Usiandike kingine.

Akinyamaza kabisa, tarehe 7 Juni tuma kikumbusho kifupi kuhusu fundi, kikitaja barua ya tarehe 3. Tarehe 18 Juni kama paa bado, tuma cha pili na useme utapeleka jambo hili kwenye ofisi inayohusika na upangaji au serikali ya mtaa, na ufanye hivyo kweli wiki hiyo, ukiwa na barua, picha, na vikumbusho vyote viwili kwenye bahasha moja. Usiite fundi wako ukamkata mwenye nyumba kwenye kodi bila ruhusa yake ya maandishi, hata kama bei ni ndogo.

Siku ya funguo, pita chumba kwa chumba na simu ikirekodi video, soma mita za umeme na maji mbele yake, mwandikiane karatasi fupi: funguo ngapi zimerudi, mita zinasoma ngapi, hali ya kila chumba, na namba ya akaunti au simu ambako dipoziti itatumwa. Wote wawili msaini, kila mmoja abaki na yake.